Ankara Moja, Malipo Mawili: Urudishiwe Pesa au Mkatane kwenye Ankara Ijayo?

Masika yanapokaribia, hoteli na nyumba za wageni za Lamu huanza kufunga hesabu za msimu. Baadhi hufunga na milango, mpaka wageni warudi Julai. Ni wakati huo, mhasibu akipitia karatasi za miezi iliyopita, ndipo hugundulika kwamba ankara fulani ya saplaya ililipwa mara mbili. Mabishano huanza hapo. Mwenye hoteli anataka pesa yake irudi. Saplaya anasema hakuna haja ya kuhangaika, tutakatana kwenye ankara ijayo. Mtu wa tatu, mara nyingi yule anayejaza fomu za kodi, anasema saplaya aandike kredit noti mambo yaishe. Kila mmoja anadhani wanazungumzia kitu kimoja kwa majina tofauti. Sivyo. Mambo hayo matatu ni tofauti, na moja kati yake, kwa kosa la aina hii, huharibu hesabu za pande zote mbili.

Tuanze na maneno yenyewe. Ankara ni hati ya saplaya inayosema: nimekuuzia bidhaa hizi, kwa bei hii, na kodi yake ni hii. Malipo ni pesa inayotoka kwako kwenda kwake kwa ajili ya ankara hiyo. Kredit noti ni hati ya saplaya inayopunguza au kufuta ankara aliyokwisha kuitoa, kwa mfano bidhaa zimerudishwa au bei iliandikwa vibaya. Kurudishiwa pesa ni pesa halisi kutoka kwenye akaunti ya saplaya kurudi kwako. Kukatana ni nyinyi wawili kukubaliana kwamba ziada aliyoishika itahesabiwa kuwa malipo ya ankara nyingine, yote au sehemu yake.

Chukua safari ya boti kutoka Mokowe kwenda Lamu. Umempa nahodha nauli, na ndugu yako naye, bila kujua, amempa nauli yako ileile. Nahodha anaweza kukurudishia pesa palepale gatini, au mkaelewana kwamba safari ya kesho hutatoa kitu mfukoni. Lakini angalia: kwa njia yoyote mtakayochagua, safari ya leo ilifanyika na nauli yake haikubadilika, na ya kesho nayo ina nauli yake kamili. Kilichokosewa ni utoaji wa pesa tu. Hilo ndilo jambo zima la makala haya. Malipo yakirudiwa, kosa liko kwenye malipo, basi lirekebishwe kwenye malipo. Ankara iachwe kama ilivyo.

Sasa tuingie kwenye mfano wenye tarakimu. Tuseme hoteli ndogo ya Shela hununua maji ya chupa, soda, sabuni na karatasi za chooni kwa saplaya wa jumla aliyeko bara. Tarehe 5 Machi mzigo unashushwa Mokowe, unavushwa kwa mashua, punda wanaufikisha stoo. Ankara namba 0417 inasema bidhaa ni Sh 150,000, kodi ya VAT ya asilimia 16 ni Sh 24,000, jumla Sh 174,000. Tarehe 12 Machi meneja analipa Sh 174,000 kwa M-Pesa. Siku chache baadaye saplaya, katika kukumbusha wateja wake, anatuma picha ya ankara hiyohiyo kwa WhatsApp kwa mhasibu anayekaa Malindi. Mhasibu anaiingiza kwenye kompyuta kama INV417, na tarehe 19 Machi analipa Sh 174,000 kutoka benki.

Programu ya hesabu haikupiga kelele, kwa sababu programu nyingi hulinganisha namba ya ankara herufi kwa herufi. Kwake 0417 na INV417 ni ankara mbili. Hii ndiyo njia mojawapo ya kawaida kabisa ambayo malipo hurudiwa: hati moja kuingia kwa milango miwili, karatasi kwa meneja na picha kwa mhasibu, kila mmoja akiipa namba kwa mtindo wake. Njia nyingine ni mtu kulipa kutokana na taarifa ya akaunti, ile orodha ya mwisho wa mwezi, akidhani ni ankara mpya.

Kwa nini vitabu vyako vinanyamaza

Watu wengi hudhani malipo ya ziada lazima yaonekane kwenye vitabu vya mlipaji. Katika mfano wetu hayaonekani hata kidogo. Fungua ukurasa wa saplaya huyu kwenye hesabu za hoteli: ankara mbili za Sh 174,000, malipo mawili ya Sh 174,000, salio sifuri. Kila kitu kimenyooka. Hoteli inaonekana kununua sabuni na maji mara mbili, na hakuna anayedaiwa.

Ukweli uko upande wa pili. Kwenye vitabu vya saplaya kuna ankara moja na malipo mawili, kwa hiyo taarifa yake ya akaunti inaonyesha hoteli ina ziada ya Sh 174,000, mara nyingine kwa alama ya kutoa, mara nyingine kwa herufi CR mbele ya salio. Ndiyo maana mhasibu mzuri huomba taarifa ya akaunti kwa kila saplaya mkubwa kila mwezi na kuilinganisha na yake mstari kwa mstari, hata pale ambapo vitabu vyake vinasema hakuna deni. Salio la sifuri kwako na ziada kwake ni dalili karibu ya uhakika kwamba umeingiza ankara moja mara mbili.

Kuna hali nyingine nyepesi zaidi. Ankara iliingizwa mara moja tu lakini ikalipwa mara mbili, labda meneja alilipa kwa simu na taarifa haikumfikia mhasibu. Hapo vitabu vyako vitapiga kelele vyenyewe mara malipo yote mawili yakiingizwa, maana vitaonyesha saplaya ndiye anayedaiwa na wewe.

Kabla ya kumpigia saplaya simu, hakikisha kwamba kweli ni malipo ya marudio. Sh 174,000 mbili ndani ya wiki mbili si ushahidi. Hoteli inayoagiza mzigo uleule kila mara inaweza kuwa na ankara mbili za kiasi kimoja, zote halali. Toa hati za kupokelea mzigo, zile alizosaini mtu wa stoo, uzihesabu. Ankara mbili zikiwa na hati moja ya kupokea, kuna kasoro. Kisha tazama namba ambayo mfumo wa eTIMS wa KRA umeipa kila ankara. Namba hiyo haifanani kwa ankara mbili, na haibadiliki kwa kuwa mtu amepiga picha. Karatasi na picha zikiwa na namba moja ya eTIMS, hiyo ni ankara moja iliyolipwa mara mbili. Zikiwa na namba mbili tofauti ilhali mzigo ulikuwa mmoja, saplaya ndiye aliyetoa ankara mara mbili, na hiyo ni kesi nyingine ambayo tutaigusa punde.

Jambo la mwisho la kuhakikisha: saplaya aliielekeza wapi pesa ya pili? Kama kulikuwa na ankara ya zamani isiyolipwa, huenda ameihesabu huko. Kwa kanuni ya sheria ya madeni, anayelipa ana haki ya kusema pesa yake inalipa deni lipi. Asiposema, mpokeaji anaweza kuchagua. Kwa hiyo malipo ya benki yaliyokwenda bila namba ya ankara yanaweza kuwa yamekwisha kumaliza deni la Januari ambalo mlikuwa mkibishania, na kudai yarudi ikawa kazi ngumu. Kuandika namba ya ankara kwenye maelezo ya malipo ni jambo dogo lakini lina uzito huo.

Kredit noti haina kazi hapa

Hili ndilo kosa ninalotaka msomaji aliepuke kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Saplaya anaambiwa amelipwa mara mbili, naye ili kuonyesha uaminifu anatoa kredit noti ya Sh 174,000 dhidi ya ankara 0417. Mhasibu anashukuru na kuifungia kwenye faili.

Hesabu basi. Kwenye vitabu vya saplaya sasa kuna ankara ya Sh 174,000, imefutwa na kredit noti ya Sh 174,000, na bado kuna malipo mawili ya Sh 174,000. Vitabu vinasema hoteli inamdai saplaya Sh 348,000. Ukiona tarakimu hiyo huhitaji mhasibu mkuu kukwambia kuna jambo limeharibika, kwani ziada ya kweli ni nusu yake.

Madhara ya kodi ni makubwa zaidi. Kwa KRA, kredit noti ile inasema mauzo ya tarehe 5 Machi hayakuwapo. Saplaya amepunguza mauzo yake kwa Sh 150,000 na VAT kwa Sh 24,000, ilhali bidhaa aliuza na zimetumika. Hoteli nayo, kama imesajiliwa kwa VAT, imepoteza haki ya kudai Sh 24,000 iliyolipa kwenye ununuzi halali. Zaidi ya hapo, tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara inatakiwa kuungwa mkono na ankara ya eTIMS ili ikubaliwe kwenye kodi ya mapato, isipokuwa pale sheria iliposamehe. Ankara iliyofutwa haiungi mkono kitu. Sabuni ilinunuliwa, wageni wakaoga, na kwenye kumbukumbu za kodi haikuwahi kuwepo.

Kredit noti ni dawa ya ankara iliyokosewa. Ikiwa saplaya alitoa ankara mbili zenye namba mbili za eTIMS kwa mzigo mmoja, hapo ndipo inapofaa: anafuta ile ya pili, na ile pesa uliyoilipia inakuwa ziada ya kurudishwa au kukatwa. Ikiwa ankara ni moja na ni sahihi, isiguswe.

Upande wa hoteli kuna marekebisho yake. Katika mfano wetu mhasibu aliingiza ankara mara mbili, kwa hiyo hana budi kuufuta ule uingizaji wa pili, INV417, kwenye vitabu vyake mwenyewe. Manunuzi yashuke kwa Sh 150,000 na VAT anayoidai ishuke kwa Sh 24,000. Akishafanya hivyo, salio lile la sifuri litageuka na kuonyesha saplaya anadaiwa Sh 174,000, sawasawa na taarifa ya saplaya. Wakati nao una maana. Ritani ya VAT ya Machi hupelekwa kufikia tarehe 20 Aprili. Kosa likigunduliwa mapema Aprili, linasahihishwa kabla ritani haijaenda. Likigunduliwa baadaye, ritani itahitaji kurekebishwa, kwa kuwa hoteli itakuwa imedai kodi ya ankara moja mara mbili, na KRA ina nakala ya ankara hiyo kwenye mfumo wake.

Kurudishiwa au kukatana

Vitabu vikishakaa sawa, sasa swali la pesa. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ankara ijayo itakuja lini, na itakuwa ya kiasi gani? Mengine yote hufuata jibu hilo.

Hoteli ya Malindi mjini inayofanya kazi mwaka mzima na kupokea mzigo kila wiki haina sababu kubwa ya kulilia marejesho. Ziada itamezwa na ankara mbili tatu ndani ya mwezi, hakuna gharama ya kutuma pesa, na saplaya hapati shida. Nyumba ya wageni ya Shela inayofunga Mei na Juni iko mahali tofauti kabisa. Ikikubali kukatana mwezi Aprili, inaweza kuwa inamwachia saplaya Sh 174,000 hadi Julai au Agosti, bila riba na bila dhamana, katika miezi ambayo yenyewe haina mgeni hata mmoja na bado inalipa walinzi, umeme na ukarabati. Huo ni mkopo. Anayeutoa autoe akijua.

Hatari ya pili ni hali ya saplaya mwenyewe. Ukishasikia anachelewesha mizigo, anabadilisha namba za akaunti au wasaplaya wake wa Mombasa wanamdai, usimwachie ziada. Biashara yake ikifungwa, wewe unakuwa mmoja wa wanaomdai, umesimama kwenye foleni na wengine. Kinyume chake, kama wewe bado unamdai na yeye bado anakudai, uko salama zaidi, kwa kuwa ziada yako unaweza kuihesabu dhidi ya deni lako kwake.

Na kuna upande wa saplaya ambao wenye hoteli husahau. Pesa iliyoingia 19 Machi huenda ilikwisha kutumika kufikia 22 Machi, akamlipia mwenye lori na kununua mzigo mpya. Kumshinikiza aitoe yote kwa siku moja kunaweza kumfanya ashindwe kukuletea mzigo wa Pasaka. Mara nyingi jawabu zuri ni mchanganyiko.

Turudi kwenye mfano. Tarehe 10 Aprili kuna mzigo wa mwisho kabla ya kufunga: bidhaa Sh 50,000, VAT Sh 8,000, jumla Sh 58,000. Wanakubaliana kwamba ankara hiyo ilipwe na ziada, ikibaki Sh 116,000, na hizo saplaya azirudishe kabla ya tarehe 30 Aprili. Hoteli inafunga ikiwa na pesa yake, na saplaya amepata wiki tatu za kujipanga. Mimi kwa hoteli ya msimu ningechagua njia hii kila mara.

Tuseme hawakuweza, na Sh 116,000 zikabaki kukatwa Julai. Mzigo wa kwanza wa Julai ni bidhaa Sh 120,000, VAT Sh 19,200, jumla Sh 139,200. Ankara iandikwe Sh 139,200 kamili. Hoteli italipa Sh 23,200, na kwenye maelezo ya malipo iandikwe kwamba Sh 116,000 zimetoka kwenye ziada ya ankara 0417.

Hapa ndipo kukatana huharibikia. Saplaya, kwa kutaka mambo yaonekane safi, anaandika ankara ya Julai kuwa Sh 23,200 kwa sababu ndizo atakazopokea. Kwa kufanya hivyo amesema kwamba ameuza bidhaa za Sh 20,000 na kodi ya Sh 3,200, wakati aliuza za Sh 120,000. Mauzo ya Sh 100,000 na kodi ya Sh 16,000 yametoweka kwenye kumbukumbu, na hoteli imekosa kudai kodi hiyo. Ni kama nahodha kuandika kwamba safari ya kesho ilikuwa ya nauli ndogo kwa kuwa abiria hakutoa pesa siku hiyo. Ankara husema kilichouzwa. Kilicholipwa huonekana kwenye risiti na taarifa ya akaunti.

Maneno yanayosemwa sana, na ukweli wake

Saplaya mwingine husema: uzembe ulikuwa wako, pesa ikishaingia kwangu ni yangu. Sheria haiko naye. Mahakama za Kenya hutumia pia kanuni za sheria ya kawaida iliyotoka Uingereza, na tangu kesi ya Kelly na Solari ya 1841 imekuwa kanuni kwamba aliyelipa kwa kukosea kuhusu ukweli wa mambo anaweza kudai pesa yake hata kama angeweza kuugundua ukweli huo kwa kuwa mwangalifu. Saplaya anaweza kujitetea kwa mambo mengine, kwa mfano kwamba aliipokea kwa nia safi na hali yake imebadilika kwa sababu yake, lakini uzembe wa mlipaji peke yake si utetezi. Kwa kiasi kisichozidi Sh 1,000,000, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na madai ya pesa iliyopokewa na kushikiliwa ni miongoni mwa yale inayoyasikiliza. Si mahali pa kukimbilia kwa mtu mnayefanya naye kazi miaka, lakini ni vizuri wote wawili wajue ipo.

Mwenye hoteli naye husema: sihitaji idhini ya mtu, ankara ijayo nitakata tu. Kuna mikataba ya ugavi yenye kifungu kinachokataza kukata chochote bila maandishi, kwa hiyo isome kwanza. Hata pasipo mkataba, ukikata kimya saplaya ataona ankara iliyolipwa nusu, karani wake atasimamisha mzigo, na utapoteza wiki ukieleza jambo ambalo ujumbe mmoja ungelimaliza.

Na wengine husema: ni familia moja, tutakatana hata kwa duka la mkewe. Lamu na Malindi biashara za nyumba moja ziko nyingi, mume na maji ya chupa, mke na vitambaa vya vitanda. Lakini kama kila biashara ina PIN yake, ni watu wawili mbele ya sheria na kodi. Ziada uliyomlipa mmoja hailipi ankara ya mwingine mpaka wote watatu mkubaliane kwa maandishi, na hata hapo vitabu vya kila mmoja vinahitaji kuonyesha nani sasa anamdai nani. Ni rahisi zaidi kurudisha pesa kisha kulipa upya.

Kuhusu M-Pesa, watu huuliza kwa nini wasiombe tu muamala ubatilishwe. Huduma hiyo imekusudiwa zaidi pesa iliyokwenda kwa mtu asiye sahihi na ambayo bado ipo. Saplaya ni mtu sahihi, na wiki tatu baadaye pesa imekwisha kuhamia benki. Katika mfano wetu, tena, malipo ya M-Pesa ndiyo yaliyokuwa halali. Ya benki ndiyo ya marudio, na ndiyo yanayorudi.

Pesa irudi wapi, na iandikwe vipi

Marejesho yarudi kwenye akaunti ileile iliyotoa malipo ya marudio. Kanuni hii inazuia wizi wa aina mbili. Mfanyakazi anaweza kugundua ziada kabla ya mwajiri wake, akamwomba saplaya aitume kwenye simu yake, na kwa vile vitabu vya hoteli vinaonyesha sifuri, hakuna atakayejua. Upande mwingine, tapeli anaweza kumwandikia saplaya akijifanya mhasibu wa hoteli na kutoa namba mpya ya akaunti. Saplaya akipokea ombi la kurudisha pesa, ampigie mteja kwa namba aliyonayo siku zote, wala si ile iliyo kwenye ujumbe.

Kama Sh 174,000 za pili zilitoka kwenye akaunti binafsi ya mwenye hoteli, si ya biashara, zirudi kwake. Mkikatana badala ya kurudisha, basi yeye ameikopesha hoteli yake kiasi hicho, na iandikwe hivyo.

Ujumbe wenyewe hauhitaji kuwa mrefu, ila usiwe wa simu tupu. Huu unatosha:

"Assalaam aleikum Mzee. Ankara yako namba 0417 ya tarehe 5 Machi, Sh 174,000, tumeilipa mara mbili: M-Pesa tarehe 12 Machi na benki tarehe 19 Machi. Nimeambatisha uthibitisho wa malipo yote mawili na hati moja ya kupokea mzigo. Tafadhali tutumie taarifa ya akaunti inayoonyesha ziada hiyo. Tunapendekeza Sh 58,000 zilipe ankara ya tarehe 10 Aprili, na Sh 116,000 zirudi kwenye akaunti yetu ya benki ile zilikotoka, kabla ya tarehe 30 Aprili. Ankara 0417 ni sahihi, tafadhali usiifute wala usitoe kredit noti. Ukikubali, nijibu hapa kwa maandishi. Ahsante."

Jibu la "sawa, nimekubali" lihifadhiwe pamoja na ankara. Baada ya kila hatua, omba taarifa mpya ya akaunti: ya kwanza ionyeshe ziada ya Sh 174,000, ya pili Sh 116,000 baada ya ankara ya Aprili, ya tatu sifuri baada ya pesa kuingia benki. Kila moja ilingane na ukurasa wa saplaya huyo kwenye vitabu vya hoteli siku hiyohiyo. Ya tatu ikija na tarakimu nyingine yoyote, tafuta kwanza kama kuna kredit noti iliyotolewa njiani, au ankara ya Aprili iliyoandikwa pungufu.